Yah: Kazi ya kila mwezi ya kuandika vichwa na maelezo ya tovuti yenu ya samani

Kaka Hamisi,

Habari za kazi. Naitwa Neema, nakaa Temeke. Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo metadata, yaani yale maneno mafupi ambayo mteja huyaona Google kabla hajafungua tovuti, pamoja na maneno yanayokaa nyuma ya picha. Jirani yangu alinunua kabati kwenu hapo Keko. Aliponitumia kiungo cha tovuti yenu WhatsApp, kilikuja kitupu, hakina picha wala jina la duka. Kabati lenyewe nimeliona kwake, na ni zuri kuliko linavyoonekana mtandaoni. Ndiyo maana nakuandikia.

Nimepitia tovuti yote. Ina kurasa 34 za bidhaa, na 27 kati ya hizo zina kichwa kilekile: "Home". Picha zimebaki na majina ya simu, kama IMG_2041.jpg. Google husoma pia maandishi yaliyo ndani ya ukurasa, lakini kurasa zenu nyingi zina picha na namba ya simu tu, kwa hiyo hata ikisoma haipati kitu. Mtu wa Mbezi akiandika "kitanda 6x6 mninga bei", kitanda chenu mnacho, kiko tayari, lakini hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni kitanda, ni cha mninga, wala ni 6 kwa 6.

Nimekuandikia ukurasa mmoja kama mfano. Ni wa kile kitanda chenye droo, cha tatu kutoka juu. Kichwa chake sasa ni "Home" na maelezo hayapo kabisa. Mimi ningeweka hivi:

```html
<title>Kitanda cha mninga 6x6 chenye droo 4 | Keko, Dar es Salaam</title>
<meta name="description" content="Kitanda cha mninga 6x6, droo 4 chini, kichwa cha sponji. Chagua rangi ya vanishi. Tunapeleka Dar yote na mikoani.">
<img src="kitanda-mninga-6x6-droo.jpg" alt="Kitanda cha mninga 6x6, droo mbili za upande wa kulia zikiwa wazi">
```

Bei sikuiweka makusudi. Mbao zinapanda na kushuka, na mteja aliyeona bei moja Google kisha akaambiwa nyingine dukani huondoka na kinyongo. Ukiwa na bidhaa ambazo bei yake huigusi kwa miezi kadhaa, hizo tutaziandikia.

Mfano huo utumie upendavyo hata kama hatutafanya kazi pamoja.

Sasa kazi ya kila mwezi. Mwezi wa kwanza ndio mzito: nitaandika upya vichwa na maelezo ya kurasa zote 34, pamoja na ukurasa wa mwanzo, wa mawasiliano na ule wa oda maalumu. Kuanzia mwezi wa pili, kila mwezi utapata vichwa na maelezo ya bidhaa mpya zisizozidi 15, na maelezo ya picha zisizozidi 40, majina ya mafaili yakiwemo. Kila ukurasa nitakaougusa nitauwekea pia picha na maneno yanayotokea kiungo kinapotumwa WhatsApp, na nitaujaribu kwenye simu yangu kabla sijasema umekwisha. Kwenu naona hili lina uzito kuliko hata Google, kwa sababu fundi wa samani hutafutiwa wateja na wateja wenzao, na kiungo chenye picha ya kitanda hakihitaji maelezo mengi kwenye kundi la familia.

Ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi nitakuletea ripoti ya ukurasa mmoja kutoka Google Search Console, ambayo ni ya bure: watu wameandika maneno gani, mmeonekana mara ngapi, wangapi wamebonyeza. Tutaifungua kwa barua pepe yako, mimi utanipa ruhusa tu, ili siku tukiachana kumbukumbu zibaki kwako. Chini ya ripoti nitaandika mambo mawili au matatu ya kufanya mwezi unaofuata. Kwa mfano, tukiona watu wengi wanatafuta "sofa za L" na ninyi mmeziandika "seti ya sebule", tunarekebisha.

Kwako nitahitaji muda kidogo. Nitumie sauti WhatsApp kwa kila bidhaa mpya: vipimo, aina ya mbao, inachukua siku ngapi kutengenezwa, na kama kuna kioo au sponji ni ya aina gani. Mimi naandika kwenye jedwali la Google Sheets, wewe au yule kijana anayewasimamia mtandao mnasoma na kuandika "sawa" au kusahihisha, ndipo nipandishe. Bila "sawa" yako hakuna kinachopanda. Na naomba tuelewane mapema kuhusu mbao: kitu cha paina nitaandika paina, cha mkongo nitaandika mkongo. Neno mninga huvutia wateja, najua, lakini silitumii mahali ambapo mninga haupo.

Nisichokuahidi ni nafasi ya kwanza Google. Hakuna anayeweza kuiuza, na akikuahidi mtu mwulize kama ataiandikia mkataba. Kichwa kizuri husaidia Google ielewe ukurasa. Maelezo mafupi hayakupandishi daraja, yanamfanya aliyekuona abonyeze, na mara nyingine Google huyaacha na kuchukua sentensi yake kutoka ndani ya ukurasa. Pia usilipie mtu anayetaka kukujazia "meta keywords". Google walishasema mwaka 2009 kuwa hawaitumii kupanga matokeo. Mabadiliko yetu yanaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kabla hayajaonekana, kwa hiyo mwezi wa kwanza usinipime kwa wateja. Nipime kwa kazi iliyofika mezani, kisha mwezi wa tatu tuangalie namba.

Kupiga picha, kuendesha Instagram na kurekebisha tovuti ikiharibika havimo kwenye huduma hii.

Malipo ni shilingi 250,000 kwa mwezi wa kwanza kwa sababu ya zile kurasa zote, halafu 150,000 kila mwezi, zikilipwa mwezi unapoanza. Ankara nitatoa. Bidhaa zikizidi 15 kwa mwezi, kila moja ya ziada ni 6,000. Nisipomaliza nilichokuahidi ndani ya mwezi, kilichobaki nakikamilisha bure kabla sijaomba malipo mengine. Ukitaka kusimamisha, nipe taarifa ya wiki mbili tu, na kila nilichoandika ni mali ya duka lako. Kwenye WordPress nifungulie akaunti yangu yenye ngazi ya "Editor". Nywila yako usinipe, wala usimpe mtu mwingine yeyote.

Jumanne nitakuwa Keko kuanzia saa nne asubuhi. Ukiona inafaa nitapita karakana tuangalie pamoja kwenye simu yako, haitazidi nusu saa. Kama Jumanne mna oda ya kupeleka, nijibu hapa hapa unitajie siku nyingine, na uniambie bidhaa tano zinazotoka zaidi, kwa kuwa hizo ndizo ningeanza nazo.

Wako katika kazi,
Neema
Mwandishi wa metadata, Temeke