Mchoro wa pampu ya kisima: mageti matano na jedwali lake la ukweli

Kidato cha sita, haya ni maelezo ya mchoro uliokuwa ubaoni, kwa waliokosa kipindi na kwa walionakili wakikimbizana na kengele. Uwekeni mchoro wenu pembeni mnaposoma, na penseli mkononi.

Kuna kisima, kuna tangi juu ya mnara, na kuna pampu ya kupandisha maji. Swichi tatu zinaingia kwenye sakiti yetu. A ni boya la tangini: linatoa 1 tangi likijaa, na 0 likiwa bado lina nafasi. B ni kihisi cha kisimani: 1 kisima kikiwa na maji ya kutosha, 0 yakishuka chini ya kiwango. C ni kitufe cha mkono, ambacho mlinzi anakibonyeza akitaka kujaza madumu moja kwa moja kwenye bomba la chini, hata kama tangi limejaa. Upande wa pili yanatoka matokeo mawili: P inayowasha pampu, na L, taa nyekundu inayosema "maji yanatakiwa lakini kisima kimekauka".

Hizo 0 na 1 ni volti. Kwa chipu za familia ya 74HC zinazotumia umeme wa volti 5, chochote kilicho chini ya volti 1.5 hivi kinasomwa 0, na kilicho juu ya volti 3.5 hivi kinasomwa 1. Katikati hapo msitegemee jibu lolote.

Sasa mchoro wenyewe. Unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila geti linajulikana kwa umbo. Pembetatu yenye kiduara kidogo puani ni NOT, inageuza: 0 inakuwa 1, na 1 inakuwa 0. Lenye mgongo ulionyooka na tumbo la mviringo ni AND, linatoa 1 pale tu maingizo yake yote yakiwa 1. Lenye mgongo uliopinda kwa ndani na ncha iliyochongoka ni OR, linatosheka na 1 moja tu. Wengi wenu mnachora AND na OR zikifanana, na hapo msahihishaji hana namna ya kujua mlimaanisha nini. Uangalieni mgongo: ukinyooka ni AND, ukipinda ni OR.

Kitu kingine cha kuangalia ni nukta nyeusi. Waya mbili zikikatizana bila nukta, hazijaunganika, zinapishana tu. Zikiwa na nukta, zimeunganika na zinabeba thamani ileile. Kwenye mchoro wetu nukta ziko mbili. Moja iko kwenye waya wa B, unaogawanyika kwenda geti la AND la juu na geti la NOT la chini. Ya pili iko kwenye waya unaotoka kwenye OR, unaogawanyika kwenda AND zote mbili. Kati ya hizo nukta kuna mahali B inapishana na tawi la OR bila nukta. Mkiweka nukta hapo kwa bahati mbaya, mmeunganisha tokeo la geti na swichi, na sakiti yenu ni nyingine kabisa.

Kabla ya kuandika hata 0 moja, ipeni jina kila waya ya katikati. Hatua hii wanafunzi wanairuka kwa kuona inapoteza muda, halafu wanajikuta wanabeba mageti matano kichwani kwa wakati mmoja. Sisi tumeziita D, E na F:

```
D = NOT A
E = D OR C
F = NOT B
P = E AND B
L = E AND F
```

E ndiyo moyo wa sakiti. Inasema "maji yanatakiwa": ama tangi halijajaa, ama kitufe kimebonyezwa. Mageti mawili ya AND yanachukua hitaji hilo na kuliuliza kisima. Kikiwa na maji, hitaji linapita kwenye P. Kikiwa kikavu, linapita kwenye L.

Maingizo ni matatu, kwa hiyo mistari ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Iandikeni kwa mpangilio wa kuhesabu kwa namba za jozi kutoka 000 hadi 111: C inabadilika kila mstari, B kila baada ya mistari miwili, A baada ya minne. Kuandika michanganyiko kadiri inavyokujia kichwani ndiko kunakozaa jedwali lenye 011 mara mbili na 101 haipo.

Twende mstari kwa mstari.

Mstari wa 000. Tangi lina nafasi, kisima kikavu, kitufe hakijaguswa. A ni 0, basi D ni 1. D ikiwa 1, OR imeshatosheka: E ni 1. B ni 0, basi F ni 1. P ni E na B, yaani 1 na 0, jibu 0. L ni E na F, 1 na 1, jibu 1. Pampu imezima, taa inawaka. Msiendelee kabla hamjajiuliza kama hilo linaingia akilini. Linaingia: tangi linataka maji, kisima hakina.

Mstari wa 001. Kilichobadilika ni C peke yake. D bado ni 1, kwa hiyo E ilikuwa 1 na inabaki 1. Yote mengine yanabaki. P ni 0, L ni 1.

Hapo darasani likaja swali zuri: kama mistari hii miwili inafanana, kwa nini tusiandike mmoja? Kwenye mtihani andikeni yote miwili, jedwali la ukweli halina mkato. Lakini kufanana kwao kuna habari ndani yake. Tangi likiwa na nafasi, D inashikilia OR kwenye 1, na kitufe hakina kauli. Ukiuona mfanano huo mapema, mistari minne ya mwanzo unaijaza kwa kuitazama B tu.

Mistari ya 010 na 011, basi, inakwenda pamoja. D ni 1, E ni 1. B sasa ni 1, hivyo F ni 0. P ni 1 na 1, jibu 1. L ni 1 na 0, jibu 0. Pampu inafanya kazi, taa imezima.

Mstari wa 100 unahitaji utulivu, kwa sababu tangi limejaa na mambo yanageuka. A ni 1, D ni 0. C nayo ni 0. OR inapokea 0 na 0, na kwa mara ya kwanza E ni 0. E ikiwa 0, AND zote mbili zimefungwa. Hatuna haja hata ya kuiangalia B. P ni 0, L ni 0. F mwiandike hata hivyo (B ni 0, basi F ni 1), maana alama za safu wima za katikati zinahesabiwa.

Mstari wa 101: tangi limejaa, kisima kikavu, mlinzi amebonyeza kitufe. D ni 0 lakini C ni 1, kwa hiyo E ni 1. F ni 1. P ni 0, L ni 1. Mlinzi anaiona taa nyekundu na kuelewa kwa nini bomba halitoi kitu.

Mstari wa 110: E imerudi kwenye 0, kila kitu kimezima. Tangi limejaa, kisima kina maji, hakuna anayehitaji kitu.

Mstari wa 111: D ni 0, C ni 1, E ni 1, B ni 1. P ni 1, F ni 0, L ni 0. Madumu yanajaa.

```
A B C | D E F | P L
0 0 0 | 1 1 1 | 0 1
0 0 1 | 1 1 1 | 0 1
0 1 0 | 1 1 0 | 1 0
0 1 1 | 1 1 0 | 1 0
1 0 0 | 0 0 1 | 0 0
1 0 1 | 0 1 1 | 0 1
1 1 0 | 0 0 0 | 0 0
1 1 1 | 0 1 0 | 1 0
```

Tumejaza kwa kwenda upande, mstari mmoja mmoja. Sasa hakikini kwa kushuka, safu wima moja moja, ili jicho lisirudie njia ileile. D lazima iwe kinyume cha A mstari kwa mstari. F kinyume cha B. Kisha hesabuni 1 za E: ni sita. P ina tatu, L ina tatu. Lazima zijumlishe sita, kwa kuwa kila hitaji linaishia ama kwenye pampu ama kwenye taa. Na hakuna mstari wenye P na L zote 1. Mkiukuta, kuna mahali F imeandikwa vibaya.

Kutoka kwenye jedwali mnaweza kurudi kwenye mlinganyo. Chukueni mistari ambayo P ni 1, yaani 010, 011 na 111, halafu andikeni kila mmoja kwa herufi:

```
P = A'BC' + A'BC + ABC
  = A'B + ABC
  = B(A' + AC)
  = B(A' + C)
```

Huo wa mwisho ndio mchoro wetu: NOT ya A, OR na C, kisha AND na B.

Kwa vitendo mtahitaji chipu tatu: 74HC04 kwa NOT, 74HC32 kwa OR, 74HC08 kwa AND. Zote zina pini 14, umeme unaingia pini ya 14 na pini ya 7 inakwenda chini. Kwenye 08 na 32, maingizo ya geti la kwanza ni pini 1 na 2, tokeo ni 3. Kwenye 04, ingizo ni 1 na tokeo ni 2. Kila swichi iwekeeni rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye ingizo kwenda chini, la sivyo swichi ikiwa wazi ingizo linaelea, na mtaona taa ikichezacheza mkono ukisogea karibu. Maingizo ya mageti msiyoyatumia yaungeni chini. P na L ziwekeeni taa za LED, kila moja na rezista yake ya omu 470. Pampu halisi haiungwi kwenye pini ya chipu. Inapitia transista na rilei.

Mkimaliza, pitisheni swichi kwenye mistari yote minane mkiwa na jedwali mkononi. Halafu chomoeni waya wa B. Rezista inaishusha hadi 0, sakiti inadhani kisima kimekauka, pampu inazima. Irudisheni, mchomoe ya A tangi likiwa limejaa. Nayo inashuka hadi 0, lakini 0 ya A inamaanisha "lina nafasi": mmetoka mstari wa 110 mkaingia wa 010, na pampu inasukuma maji kwenye tangi lililojaa hadi yamwagike. Jedwali ni sahihi kila mstari. Kasoro iko kwenye maana tuliyoipa A. Kazi ya wiki hii: geuzeni boya litoe 1 likiwa na nafasi, choreni upya sakiti (geti moja litaondoka), na mniletee jedwali jipya la mistari minane, safu wima za katikati zikiwemo.