Swali la 2: Kutengeneza ethanoli kutokana na molasi

Molasi ni masalia mazito ya kiwanda cha sukari. Takriban nusu ya uzito wake ni sukari inayochachuka. Huongezwa maji hadi sukari ifikie karibu 15%, kisha asidi salfuriki kidogo kushusha pH hadi 4.5–5, kiwango kinachozuia bakteria. Hamira huachwa ifanye kazi kwenye 30–35 °C kwa siku mbili hivi. Kimeng'enya invatesi huvunja sukrosi, halafu zimesi humalizia:

C12H22O11 + H2O → 2C6H12O6
C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli, yaani 51.1%. Hakuna hamira inayovuka hapo, kwa kuwa kaboni iliyobaki huondoka kama CO2. Kiuhalisia tukipata 90% ya kiwango hicho, kilo 1000 za molasi (sukari kilo 500, nikiihesabu kama glukosi) hutoa kilo 230, karibu lita 291.

Ethanoli ikifika takriban 10% hamira hulemewa, ndiyo maana hukenekwa. Mnara wa ukenekaji nao hukwama kwenye 95.6% kwa uzito: mchanganyiko huo huchemka kwenye 78.2 °C bila kutengana. Maji yaliyobaki hunaswa kwa zeolaiti.