Ratiba ya Zuhura: wiki nane kabla ya UE, 18 Mei hadi 12 Julai 2026

Zuhura mdogo wangu, mitihani yako ni hii: Sheria ya Kimataifa ya Umma Jumatatu 13 Julai, Haki za Binadamu Alhamisi 16, Usuluhishi Jumanne 21. Nimeanza na sheria ya mikataba kwa makusudi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu ni mkataba, na Mkataba wa New York wa usuluhishi nao ni mkataba. Ukijua mkataba unavyofungwa, unavyofasiriwa na unavyotenguliwa, theluthi ya masomo mengine mawili umeshaishika.

Kila siku: saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi kusoma mada mpya, saa 2 hadi saa 4 usiku kuandika majibu kwa mkono, vitabu vimefungwa. Jumamosi asubuhi ni diskasheni. Jumapili pumzika.

Wiki ya 1 (18–24 Mei): vyanzo
Ibara ya 38 ya Katiba ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki: mikataba, desturi, kanuni za jumla za sheria, kisha hukumu na maandishi ya wanazuoni kama nyenzo za msaada tu. Kaa sana kwenye desturi. Soma kesi ya Bahari ya Kaskazini ya 1969. Denmark na Uholanzi zilitaka Ujerumani Magharibi ifungwe na kanuni ya mstari wa umbali sawa, iliyomo kwenye mkataba ambao haikuuridhia. Mahakama ilikataa: mataifa kutenda jambo hakutoshi, lazima yatende yakiamini kuwa sheria inayalazimisha. Ijumaa usiku eleza hukumu hiyo kwa ukurasa mmoja. Ukikwama, irudie Jumamosi kabla ya diskasheni.

Wiki ya 2 (25–31 Mei): sheria ya mikataba
Mkataba wa Vienna wa 1969. Ibara ya 26, 27, 31 na 53 uzijue kwa moyo. Nyingine jua zilipo. Ongeza msimamo wa Mwalimu Nyerere wa 1961 kuhusu mikataba ya Mwingereza: ile ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili tu, isipokuwa pande zote zikubaliane vinginevyo. Watahiniwa wengi huusahau, nao ni wa kwetu. Idd el-Hajj inatarajiwa Jumatano ya 27, mwezi ukiandama hivyo. Siku hiyo usishike kitabu, nenda kwa bibi.

Wiki ya 3 (1–7 Juni): dola, kinga, matumizi ya nguvu
Sifa nne za dola, Montevideo 1933. Kinga ya waziri wa mambo ya nje: Kongo dhidi ya Ubelgiji, 2002. Ibara ya 2(4) na ya 51 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zisome pamoja na Kongo dhidi ya Uganda, 2005. Fidia ilikuja 2022, dola milioni 325.

Wiki ya 4 (8–14 Juni): haki za binadamu, mfumo wa dunia
Azimio la 1948, mikataba miwili ya 1966. Pita haraka.

Wiki ya 5 (15–21 Juni): Afrika na Tanzania
Hapa punguza mwendo. Mkataba wa Afrika ulipitishwa Nairobi 1981. Mahakama yake iko Arusha. Chora njia ya mlalamikaji: nani anaruhusiwa kufungua shauri, na tamko la ibara ya 34(6) ya Itifaki linafanya kazi gani. Tanzania ililiondoa tamko lake 2019, uondoaji ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Kisha soma Mtikila, 2013, juu ya mgombea binafsi, mstari kwa mstari. Linganisha na ibara ya 12 hadi 29 za Katiba yetu.

Wiki ya 6 (22–28 Juni): usuluhishi, mwanzo
Makubaliano ya usuluhishi, uhuru wa kifungu chake na mkataba mkuu, mamlaka ya wasuluhishi kujiamulia mamlaka yao. Sheria ya Usuluhishi ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1931.

Wiki ya 7 (29 Juni–5 Julai): tuzo
Ibara ya 5 ya Mkataba wa New York wa 1958: sababu saba za kukataa tuzo, mbili kati yake mahakama inaweza kuzileta yenyewe. Zitaje zote saba bila karatasi. Halafu Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, 2008, iliyotokana na mkataba wa maji wa Dar es Salaam. Serikali ilionekana imekiuka wajibu wake, lakini mwekezaji hakupata hata senti ya fidia. Ukiweza kueleza kwa nini, suala la ukiukaji na hasara umelielewa.

Wiki ya 8 (6–12 Julai): mitihani ya nyuma tu
Jumatatu Sheria ya Kimataifa, Jumatano Haki, Ijumaa Usuluhishi, kila mmoja saa tatu kamili bila simu. Sabasaba ni Jumanne: maonyesho yatakuwepo mwakani, wewe baki na makosa uliyoyafanya Jumatatu. Jumamosi nitumie majibu yote matatu, nitayasahihisha usiku huohuo. Jumapili lala mapema.

Dada Mwanaidi