Tarehe 9 Oktoba Ambayo Haikuwepo

Nilihama Nakuru kuja Mbeya mwezi wa Oktoba mwaka 2024, baada ya kampuni ndogo ya kununua parachichi kuniajiri niwe mhasibu wake. Jumatatu ya tarehe 14 ilikuwa Siku ya Nyerere na ofisi zilifungwa, kwa hiyo nilianza kazi Jumanne, tarehe 15, katika chumba kimoja ghorofani pale Mwanjelwa. Nilikabidhiwa kompyuta na sanduku la barua pepe la mhasibu aliyeondoka, pamoja na funguo za kabati la mafaili. Mwenzangu huyo alikuwa ameshasafiri, na makabidhiano yetu yalikuwa karatasi moja yenye orodha ya madeni.

Deni kubwa katika orodha hiyo lilikuwa la kitalu cha miche. Kampuni ilikuwa imeagiza miche 4,000 ya parachichi aina ya Hass, iliyobebeshwa, kwa shilingi 5,000 kila mche, kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa Rungwe ambao wangeilipia kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye mauzo ya matunda yao. Kati ya shilingi milioni 20, milioni 6 zilikuwa zimelipwa kama malipo ya awali, na salio la milioni 14 lilikuwa linasubiri. Karatasi ya makabidhiano haikutaja siku ya mwisho ya kulipa, ila iliandika tu: "angalia barua pepe yao ya mwisho".

Niliangalia. Folda ya kitalu ilikuwa na barua tatu, na safu ya tarehe katika programu ya barua pepe ilizionyesha hivi:

```
7/8/2024
8/9/2024
9/10/2024
```

Nilizisoma kama nilivyofundishwa kusoma tarehe tangu shule ya msingi, siku kwanza na mwezi baadaye: tarehe 7 Agosti, tarehe 8 Septemba, tarehe 9 Oktoba. Zilipangana vizuri, mwezi mmoja baada ya mwingine, na ya mwisho ilionekana kuwa ya juma lililopita tu. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa ngeni kwangu, niliitupia jicho hata saa iliyo kwenye kona ya chini ya skrini, nayo iliandika 15/10/2024, siku mbele ya mwezi. Nikaridhika kwamba mashine nzima inahesabu kama mimi.

Nilifungua ile barua ya mwisho peke yake. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri na masharti yake yalikuwa mafupi: salio lilipwe ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua pepe hii, na baada ya hapo kitalu kitakuwa huru kumuuzia miche mteja mwingine. Nilihesabu siku 60 kuanzia tarehe 9 Oktoba, nikapata tarehe 8 Desemba, nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa Oktoba akaunti ilikuwa na fedha za kutosha kulipa salio lote, lakini wenye malori walikuwa wanadai na mwenye nyumba alikuwa anadai, nami nikaamua kwa akili timamu kwamba miche inaweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Uamuzi huo niliufanya mwenyewe, na ndio unaoniuma kuliko tarehe yenyewe.

Jumatatu ya tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, mwenye kitalu alinipigia simu. Hakufoka. Alisema, "Kaka, tuliwasubiri mpaka Jumamosi jioni. Leo asubuhi amekuja mteja kutoka Njombe na fedha mkononi, nimempa miche 2,500." Nilimjibu kwa uhakika kabisa kwamba muda wetu unaisha tarehe 8 Desemba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana kaka. Barua ile niliituma mwezi wa tisa."

Dada anayetunza stoo yetu, mzaliwa wa Uyole, alikuwa ameketi meza ya pili na alisikia yote. Alisogea, akafungua barua ya katikati, ile ambayo mimi niliiruka. Mstari wake wa kwanza ulisema: "Tunashukuru kwa kututembelea jana kwenye banda letu la Nanenane, viwanja vya John Mwakangale." Aliweka kidole kwenye skrini, chini ya 8/9/2024, akaniuliza umeisoma kuwa ya lini hii. Nikamwambia, ya tarehe 8 Septemba. "Kaka, Nanenane ni tarehe 8 Agosti. Kesho yake ni tarehe 9 Agosti. Huu mwezi umetangulia."

Mtu wa Mbeya asingehitaji kuelezwa hilo, kwa kuwa tarehe ya sikukuu hiyo ya wakulima imo katika jina lake lenyewe, na viwanja hivyo viko Uyole, alikokulia dada yule. Mimi nilikuwa mgeni, na kwetu hatuna Nanenane.

Nilibonyeza Ctrl+U kuona chanzo cha barua ya mwisho, mahali ambapo mwezi huandikwa kwa herufi wala si kwa tarakimu:

```
Date: Tue, 10 Sep 2024 09:14:27 +0300
```

Jumanne, tarehe 10 Septemba. Siku 60 kutoka hapo ziliisha Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Programu ya barua pepe ilikuwa imewekwa kwa Kiingereza cha Marekani na ilifuata mpangilio wa lugha yake badala ya ule wa kompyuta, ndiyo maana saa ya kwenye kona ilisema hivi na safu ya barua ikasema vile. Barua zote tatu zilitumwa kabla ya tarehe 13 ya mwezi. Laiti moja tu ingetumwa tarehe 26, ningeona 9/26 na kushtuka, kwa sababu hakuna mwezi wa 26. Katika mipangilio nilichagua `Regional settings locale` mahali pa `Application locale`, na baada ya kuifunga na kuifungua programu, safu yote iligeuka. Kazi hiyo haikuchukua dakika mbili.

Siku hiyo hiyo tulilipia miche 1,500 iliyobaki, na malipo yetu ya awali yalihesabiwa humo. Mwenye kitalu aliahidi mingine 2,500 mwezi wa Februari, mara vikonyo vitakapokuwa vimeshika. Niliomba mkurugenzi aniruhusu kwenda Tukuyu kuwaeleza wakulima mwenyewe, kwa kuwa niliona si haki wapate habari hizo kwa simu ya mtu mwingine.

Mweka hazina wa kikundi, mama wa makamo, alinipokea shambani kwake. Nilimwamkia, nikamweleza bila kupunguza kitu. Hakusema neno, akanitangulia kwenye matuta. Mashimo yalikuwa tayari, ya sentimita 60 kwa 60, samadi imeshachanganywa na udongo wa juu na kurundikwa pembeni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mengine yalikuwa na maji kifundoni. Aliniambia amechimba 80, kumi kwa siku, yeye na mwanawe.

"Ya Februari itawahi mvua?" aliniuliza.

Nilimwambia mvua za Rungwe zitakuwa bado zinanyesha, na kwamba safari hii fedha zimeshatengwa. Alitoa daftari kwenye mkoba, akanipa kalamu, akataka niandike siku ya malipo kwa mkono wangu. Nikaandika: Jumatatu, tarehe tatu, mwezi wa Februari, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Aliisoma kwa sauti mara mbili, akafunga daftari, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu."