Ukuta wa Kijani, Ukuta wa Manjano

Kichochoro kinachotenga nyumba ya Bi Zuhura na ya Maalim Haji, pale Kikwajuni, ni chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Madirisha yao yanatazamana. Vitumbua vikiungua upande huu, upande wa pili wanajua kabla ya mpishi.

Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho, kila mmoja alipiga rangi kwa ajili ya Idi bila kumshauri mwenziwe. Maalim alichagua kijani, rangi ya mafuta, ya kung'aa. Bi Zuhura akachagua manjano ya embe bivu. Vijana wa mtaani wakawa wanasimama kwenye kona kuangalia na kucheka.

Kucheka kwao kungepita. Kilichouma ni kingine. Bi Zuhura anashona kofia za viua, na kazi hiyo huifanya alasiri, dirishani. Miaka yote jua la alasiri lilikuwa likipiga ukuta wa Maalim, wakati huo una chokaa, na mwanga mweupe ukimrudia yeye chumbani. Sasa jua likipiga kijani, chumba kizima kinageuka kijani: kitambaa, vidole, hata shuka kitandani. Kofia moja ya oda aliishona nusu kwa uzi mweupe na nusu kwa uzi wa rangi ya maziwa, asitambue mpaka alipoitoa barazani. Na kofia ya mkono haifumuliwi hivi hivi. Ukichomoa uzi, tundu za sindano zinabaki.

"Maalim, ukuta wako umeniharibia kazi!" alipiga kelele kutoka dirishani.

"Na wako unanitoa macho!" akajibiwa, na dirisha likafungwa kwa kishindo.

Tangu hapo sahani za futari zikaacha kuvuka kichochoro. Watu wakaanza kusema aitwe sheha. Mimi naona sheha angewapatanisha mdomoni tu, kwa sababu hata yeye angesimama njiani, na njiani hakuna kinachoonekana zaidi ya rangi mbili zisizopendana.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Maalim alipiga hodi mwenyewe.

"Nimekuja tuseme, jirani. Tunafunga halafu tunanuniana, haifai."

"Karibu. Kaa hapo." Bi Zuhura alimwonyesha mkeka wake wa dirishani, akamnyooshea vijiti viwili vya uzi. "Upi mweupe, Maalim?"

Maalim alivigeuza, akavisogeza karibu na uso, akachagua kimoja kwa uhakika wa mtu aliyesomesha skuli miaka mingi. Bi Zuhura akavichukua, akaenda navyo mpaka mlango wa mbele. Maalim akamfuata, akaangalia, akanyamaza. Alichokichagua kilikuwa cha rangi ya maziwa.

"Basi na wewe kesho asubuhi njoo kwangu," alisema. "Jua likishapanda kidogo."

Bi Zuhura alikwenda. Maalim alikuwa ametolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, na jicho bado halikuwa limezoea mwanga. Alikuwa amekaa na msahafu mapajani, lakini ameupa mgongo ukuta wa manjano, na kanga ya mkewe imetundikwa dirishani. Bi Zuhura aliisogeza kanga ile, mwanga ukamjaa usoni mpaka akafumba macho.

"Subhanallah. Mbona hukunambia?"

"Nilikwambia. Nilikwambia kwa ukali, hukusikia."

Wakakaa. Ni Bi Zuhura aliyetoa shauri. "Ukuta wangu wa kichochoroni mie siuoni, unauona wewe. Wako nauona mie. Basi kila mtu achague rangi ya ukuta anaoutazama, na anayechagua ndiye anayelipa."

"Na wa mbele?"

"Wa mbele kila mtu na wake. Kijani chako kibaki, manjano yangu yabaki."

Maalim alichagua samawati iliyofifia, isiyong'aa. Bi Zuhura alitaka chokaa kama zamani, lakini fundi rangi akakataa: chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka vipande. Akashauri ukuta upigwe msasa mpaka ung'aro uishe, upakwe rangi ya kushikiza, kisha nyeupe ya maji mikono miwili. Gharama ikawa kubwa kuliko alivyokisia Bi Zuhura.

"Msasa na rangi ya kushikiza nitalipa mie," Maalim alisema. "Mafuta niliyapaka mwenyewe."

"Na mwakani ukitaka kubadili?"

"Nitagonga mlango kwanza. Na wewe vilevile."

Fundi alianza na ukuta wa Maalim, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na upande ule una kivuli. Mchana akahamia wa pili.