Nani Anaandikwa Kituoni? Nadharia ya Kubandika Jina na Rekodi za Makosa ya Vijana Jijini Dodoma

Zoezi la somo la Jinai na Jamii linatutaka tueleze jinsi utendaji wa polisi unavyounda rekodi za makosa ya vijana. Hoja yangu ni kwamba rekodi ya kijana hutuambia kwanza askari walipita wapi, saa ngapi, na walimtilia shaka nani. Matendo ya kijana mwenyewe huja nyuma ya hayo, na mara nyingine hayaonekani kabisa.

Hoja hiyo inatoka katika nadharia ya kubandika jina. Mwanasosholojia Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba ukengeushi, yaani kwenda kinyume na kanuni za jamii, haumo ndani ya tendo. Hutokana na watu wengine kutunga kanuni, kisha kumtwika fulani jina la mvunjaji. Kabla yake, mwaka 1951, mwanasosholojia Edwin Lemert alikuwa ametenganisha ukengeushi wa awali na ule wa pili. Wa awali ni kosa la hapa na pale ambalo halibadilishi namna mtu anavyojiona. Wa pili huanza pale anapolikubali jina alilopewa na kuyapanga maisha yake kwa kulifuata. Kati ya hatua hizo mbili ndipo askari anaposimama na kalamu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 17 anabeba mizigo soko la Majengo na hulala kwa rafiki yake Chang'ombe. Saa nne usiku difenda inasimama, anaulizwa kitambulisho, hana. Anaulizwa anafanya kazi gani, anajibu "natafuta riziki". Jibu hilo halimtoshi askari. Anapandishwa, na kituoni anaandikwa mzururaji. Asubuhi anaachiwa bila shtaka, lakini jina limebaki kitabuni. Wiki chache baadaye simu inaibwa sokoni, na askari yule yule anamwona: "Wewe si tulikukamata juzi?" Safari hii hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Tajiri aliyekuwa akimpa mizigo anasikia kwamba dogo ni mwenyeji wa kituo, naye anatafuta mwingine. Aliyekosa kazi kwa sababu ya jina la mwizi atakula wapi, kama si kwa wale ambao jina hilo haliwasumbui?

Usiku huo huo, mtoto wa mtumishi huko Kisasa amevunja kioo cha gari la jirani akiwa amelewa. Baba anapigiwa simu, kioo kinalipwa, mambo yanaisha sebuleni. Katika takwimu za mwaka, Kisasa itasomeka shwari na Majengo itaonekana tatizo, kwa hiyo doria zitaongezwa Majengo, na doria zikiongezeka wanaokamatwa nao huongezeka. Mwanasosholojia Aaron Cicourel aliueleza mwenendo wa namna hii mwaka 1968 alipochunguza polisi na maofisa wa uangalizi wa vijana katika miji miwili ya California: picha waliyokuwa nayo kichwani ya kijana mhalifu iliongoza nani apelekwe mbele, na familia zenye uwezo ziliweza kujadiliana na wenye mamlaka.

Kwetu, mlango mpana wa kuingilia kwenye rekodi umekuwa kosa la uzembe na uzururaji katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 176 na 177. Kosa hili halihitaji mtu aliyeibiwa. Shaka ya askari na umaskini wa mshukiwa vinatosha. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za aina hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaweka mahakama ya watoto na kukataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Ulinzi huo ni mzuri, ila sehemu yake kubwa inaonekana mtoto akishafika mahakamani. Yule wa Majengo hakufika huko.

Nadharia hii ina mapungufu. Haielezi kwa nini mtu alitenda kosa la kwanza, na mama lishe aliyeporwa mauzo ya siku nzima hakuporwa na jina. Tena wapo vijana wanaokamatwa wakaacha kabisa, hasa wenye mzazi au fundi wa kuwashika mkono. Hata hivyo mapungufu hayo yanagusa chanzo cha uhalifu, na swali letu ni la rekodi. Hapo nadharia inasimama imara.

Pa kuanzia ni kituoni. Aliyekamatwa na kuachiwa bila shtaka asihesabiwe pamoja na aliyetiwa hatiani. Ofisa ustawi wa jamii aitwe usiku ule ule, kabla jina halijaandikwa. Na takwimu za makosa za kila kata zitolewe sambamba na idadi ya doria zilizofanyika huko.