Barua kwa Njeri, kuhusu kukusimamia

Njeri dadangu,

Sitaweza kukusimamia kwenye harusi yako tarehe 12 Desemba. Nalisema mapema ili usisome barua nzima ukitumaini kwamba huko mwisho nitakubali.

Ningeweza kusingizia kwamba kazini wamekataa kunipa ruhusa, nawe ungeamini. Lakini wewe ndiye uliyenipokea pale Umoja nilipofika Nairobi na begi moja, ukalala ukutani kitanda kikitubana, mpaka nikapata chumba changu. Usiku mama yangu alipozidiwa, ni wewe uliyetafuta teksi, ukakaa nami kwenye benchi la Hospitali ya Kenyatta hadi kukapambazuka. Mtu kama wewe simpi visingizio.

Sababu ni Mama. Unajua anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Usilolijua, kwa kuwa sijamwambia mtu, ni hali anayotoka nayo pale. Akishamaliza yale masaa manne kwenye mashine, presha inashuka, misuli ya miguu inamkaza, na usiku huo hawezi kufika msalani bila kushikwa. Jumamosi asubuhi ndiyo humkuta hoi kabisa.

Sasa msimamizi wako anatakiwa alale nawe Ijumaa, aamke alfajiri akuvishe, akupokelee simu za kamati, na moyo wake wote uwe kwako. Mimi ningesimama kanisani macho kwenye simu. Ikilia, ningeondoka. Sitaki ugeuke pale madhabahuni kunitafuta na usinione.

Ulisema dadako anaweza kukaa naye, na Mungu ambariki. Ila Mama hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Ni heshima ndogo aliyobaki nayo, na siwezi kumnyang'anya hata kwa ajili yako. Kuandika hivyo kumeniuma, Njeri, lakini ndivyo ilivyo. Wala usidhani ni gharama ya gauni. Ingekuwa pesa ningekwambia, tumekopeshana vya kutosha.

Nywele zako nitazisuka mimi, Alhamisi jioni, hata tukikesha. Vitambaa vya shangazi zako tutakwenda kuvichagua pamoja Biashara Street, siku yoyote isiyo ya kliniki. Mchango wangu nitautuma kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi. Na siku yenyewe, mama wa nyumba ya pili akikubali kukaa na Mama kidogo, nitaingia kanisani nikae nyuma. Hilo siahidi, lakini ukisikia kigelegele kinatoka karibu na mlango, ni changu.

Mama anafurahi kupita kiasi. Anasema mkitoka fungate mpite kwake awabariki nyote wawili.

Fundi anachukua vipimo Jumamosi hii, kwa hiyo zungumza na binamu yako kabla ya hapo ili akusimamie badala yangu. Na kama nimekuumiza, nipigie uniambie, usininyamazie. Mama hulala saa tatu. Baada ya hapo niko peke yangu.

Wako,
Atieno